Maneno ya Tangazo Yamo Kinywani mwa Mteja

Mtu akikaa kitako akasoma matangazo ya nyumba za wageni za visiwa hivi, ataona kama kwamba yote yameandikwa na mkono mmoja. Mchanga ni mweupe, bahari ni ya buluu, watu ni wakarimu, na mahali penyewe hapana budi paitwe pepo ya duniani. Hatusemi kwamba maneno hayo ni ya uwongo. Mchanga ni mweupe kweli, na ukarimu bado hatujaupoteza. Taabu yake ni kwamba yanaweza kubandikwa juu ya mlango wa nyumba yoyote, tangu Nungwi mpaka Makunduchi, na hata ng'ambo huko Morisi, na asiwepo atakayejua kuwa yamehamishwa. Aliyeyaandika aliyatoa kichwani mwake, au aliyanakili kwa jirani, hali amekaa ofisini. Mteja hakuulizwa.

Na mteja ameshasema. Wageni wengi wa siku hizi, wakisharudi kwao, huingia katika kurasa za TripAdvisor, Booking.com au Google, wakaipa nyumba alama na kuandika maneno machache juu ya yale waliyoyaona. Wenye nyumba huyasoma maneno hayo, lakini aghalabu huyasoma kama mtu anayesikiliza habari zake mwenyewe nyuma ya dirisha: akisifiwa hufurahi, akilaumiwa hununa. Ni wachache wanaoyasoma kama mali ghafi. Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi hiyo moja tu, yaani namna ya kuyachambua maoni ya wateja ili kuzipata kero zao, pamoja na maneno waliyozisemea kero hizo, mpaka maneno hayo yawe kichwa cha tangazo.

Wanaoifanya kazi ya kuandika matangazo wanalo tukio moja wanalolitaja mara kwa mara, na ni vyema tulieleze kwanza. Mwandishi wa matangazo, Bibi Joanna Wiebe, aliwahi kutakiwa kuandika ukurasa wa kituo kimoja cha Florida, nchini Marekani, kinachowatibu watu walionaswa na pombe na dawa za kulevya. Kituo kilikuwa na kichwa chake cha zamani, kilichomwahidi msomaji kwamba hapo ndipo uraibu wake utakapokoma. Ni kichwa kizuri kukisikia, lakini ni neno la muuzaji. Bibi huyo hakukaa akatunga kingine. Alikwenda katika duka la vitabu la Amazon, akatafuta vitabu vinavyohusu ulevi na namna ya kuuacha, akasoma maoni ambayo wasomaji wa kawaida wameyaandika chini ya vitabu hivyo. Humo akakuta sentensi moja, fupi na kavu, yenye maana hii: ukijiona unahitaji kwenda kutibiwa, basi unahitaji. Akaichukua karibu kama ilivyo, akaifanya kichwa cha ukurasa.

Vichwa hivyo viwili vilipopambanishwa, wageni wa ukurasa wakigawiwa kimoja kimoja, kile kilichotoka kwa msomaji wa kitabu kilipata watu waliobofya kitufe kikuu kwa zaidi ya asilimia 400 kuliko kile cha zamani. Waliojaza fomu ya kuomba msaada waliongezeka kwa asilimia 20 hivi. Tunamwomba msomaji azitazame tarakimu hizo mbili pamoja, kwani mara nyingi husimuliwa ile kubwa peke yake. Maneno yaliwaleta watu wengi mno mpaka mlangoni, lakini walioingia ndani waliongezeka kwa kiasi tu. Hilo ndilo linaloweza kutarajiwa kwa kichwa cha tangazo. Kazi yake ni kumfanya mtu asimame na kusema moyoni, "Huyu ananisema mimi." Yaliyobaki ni kazi ya bei, ya huduma na ya ukweli.

Lipo jambo jingine katika tukio hilo ambalo hupita bila kuonekana. Hakwenda kusoma maoni juu ya kituo kile. Alikwenda mahali ambapo watu wenye shida ile ile huzungumza wao kwa wao bila ya kuuziwa kitu. Mwenye nyumba ya vyumba vichache, aliyefungua mwaka jana na mwenye maoni 9 tu, asidhani basi kwamba hana pa kuchimba. Maoni ya majirani zake, na ya wageni wa pwani nzima, yako wazi kwake kama yalivyo wazi kwa kila mtu.

Sasa tuje kwetu. Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni ya pwani ya mashariki ya Unguja, tuseme Jambiani, ambako bahari ina tabia zake. Mfano huu tumeutunga sisi, na hesabu zake ni za kufundishia; lakini kero yenyewe ni ya kweli, na mtu yeyote akiyafungua maoni ya wageni wa Paje, Bwejuu na Jambiani ataikuta.

Kazi ya kwanza ni kukusanya. Yatosha maoni 100 au 120, ya nyumba yetu na za majirani, ya miaka miwili ya karibuni. Usianze na wanaotoa nyota 5, maana wengi wao huandika "pazuri sana" na kuondoka, wala usianze na wa nyota 1, ambao aghalabu wana ugomvi wa malipo au wa mtu mmoja aliyewakera. Anza na wa nyota 3 na 4. Huyo ni mtu aliyependa jambo akachukizwa na jambo, naye hujieleza kwa kuwa anajaribu kuwa mwadilifu. Mara nyingi jambo lenyewe huja baada ya neno "lakini", na mchambuzi hodari hulitafuta neno hilo kwanza.

Kazi ya pili ni kunakili, na hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Chora jedwali lenye safu nne: tarehe ya ziara, nyumba gani, jambo gani, na maneno yenyewe. Safu ya nne iandikwe neno kwa neno kama mteja alivyosema, pamoja na makosa yake, na kwa lugha aliyoandikia. Tuseme mgeni ameandika kwamba asubuhi alipofungua pazia bahari haikuwapo. Karani wa ofisi, kwa adabu aliyofunzwa, ataandika katika jedwali: "Changamoto ya kupwa kwa maji." Ameshaiua. (Siku hizi kila tatizo ni changamoto, hata tundu la barabara.) Katika maneno ya mgeni mlikuwa na asubuhi, pazia, mkono unaovuta pazia, na mshangao. Katika maneno ya karani hamna mtu. Tangazo haliwezi kujengwa kwa maneno ya karani, na ndiyo maana twasema kwamba jedwali lisilo na safu ya nne si jedwali la kazi hii.

Baada ya hapo ndipo hesabu. Tuseme katika maoni yetu 120, 34 yanataja bahari kuondoka; 22 yanalalamikia chakula kuchelewa; 15 papasi wa ufukweni; 11 maji ya bomba kukatika; na 27, kinyume chake, yanasifu kutembea juu ya mchanga mtupu mpaka karibu na mwamba. Hesabu hii haitaki ustadi mkubwa. Faida yake ni kutuzuia tusivutwe na maoni mamoja yaliyoandikwa kwa ufasaha na mtu mmoja. Jambo lililosemwa mara 1 ni hadithi. Lililosemwa mara 34, na watu wasiojuana, ni kero.

Lakini tusiende mbio kuliandikia tangazo, kwani kero si za aina moja. Chakula kuchelewa na maji kukatika ni makosa ya nyumba. Hizo hupelekwa kwa meneja na kwa fundi bomba, si kwa mwandishi wa tangazo. Tumeona watu wakisoma lawama za chakula kuchelewa, kisha wakaandika tangazo la kwamba hapa chakula huja upesi, na jikoni pale pale kuna jiko moja na mpishi mmoja. Tangazo la namna hiyo humleta mgeni mwenye haraka kuliko wote, na maoni atakayoyaandika yatakuwa makali kuliko ya waliomtangulia. Kero ya nyumba hurekebishwa kwanza. Ikisharekebishwa na maoni mapya yakaanza kuisifu, hapo ndipo inaweza kutangazwa.

Kero ya bahari ni ya aina nyingine. Hakuna meneja awezaye kuirekebisha, na wala haina kosa. Kosa ni kwamba mgeni hakuambiwa. Hapa mchambuzi hana budi ajiulize kwa nini jambo ambalo mtoto wa Jambiani halioni kuwa ni habari linamshangaza mtu mzima aliyesoma. Jawabu limo katika safu ya maneno yenyewe, ukitazama yameandikwa kwa lugha gani. Wageni wengi wa pwani zetu wanatoka Italia, na bahari yao, Mediterania, sehemu nyingi hupanda na kushuka kwa kiasi cha shubiri moja au mbili tu. Kwetu, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na kwa kuwa pwani ya mashariki ni tambarare mpaka kwenye mwamba, maji yakishuka kiasi hicho hurudi nyuma mwendo mrefu. Mtu aliyekulia ufukweni mwa Rimini ana haki ya kudhani kwamba kuna kitu kimeharibika.

Tena iko safu ya tarehe, ambayo wengi huiona kuwa haina kazi. Tuseme mgeni mmoja ameandika kwamba aliogelea kila asubuhi mbele ya mlango wake, na mwingine, wa nyumba ile ile na mwezi ule ule, ameandika kwamba asubuhi hakukuwa na bahari. Asiyejua atasema mmoja wao mwongo. Mvuvi hatasema hivyo. Katika bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Unguja hupwa karibu na saa 4 asubuhi, yaani mgeni anapomaliza chai na kuchukua taulo lake. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa hiyo hiyo maji yamejaa, na hata yakipwa alasiri hayaendi mbali. Wote wawili wamesema kweli. Mgeni wa siku tatu anaiona bahari moja; mgeni wa siku nane huziona mbili. Basi kichwa cha tangazo kinachoahidi kuogelea kila asubuhi kitakuwa cha kweli nusu ya mwezi na cha uwongo nusu ya pili, hata kama kimenukuliwa kwa mteja neno kwa neno. Neno la mteja si ushahidi wa jambo zima, ni ushahidi wa siku zake.

Tukishafika hapo, tunaweza kuandika. Mwandishi wa ofisini angeandika: "Furahia maajabu ya bahari yetu." Tumpime kwa kipimo chepesi: kichwa hicho kikihamishiwa kwa jirani, je, kitamkaa? Kitamkaa sawasawa, kwa hiyo hakifai. Katika jedwali letu kuna maneno ya mgeni mwingine, aliyelalamika kwamba hakuna aliyemwambia kuwa bahari huondoka. Hebu tuyaweke maneno hayo juu kabisa ya tangazo, kwa herufi kubwa: "Hakuna aliyetuambia kwamba bahari huondoka." Na chini yake, kwa herufi za kawaida: "Sisi tunakuambia. Tupe tarehe za safari yako, tutakupa saa za kuogelea na saa za kutembea mpaka mwambani."

Wapo watakaostuka, wakisema kwamba tunalipia tangazo ili kutangaza aibu. Si aibu. Mgeni anayetafuta mahali pa kufikia ameshasoma yale maoni 34. Kero anaijua, nayo inamzuia. Matangazo mengine yote yamenyamaza juu yake, na hapa yumo mmoja aliyeisema kwa maneno yale yale aliyokuwa nayo msomaji kichwani. Kisha yale maoni 27 ya sifa yanatupa upande wa pili wa tangazo, maana kitu kilichomkera mmoja ndicho kilichomfurahisha mwingine. Mgeni aliyeandika kwamba alitembea mahali ambapo bahari ilikuwa saa chache kabla, ametupa kichwa cha pili: "Tulitembea mahali bahari ilipokuwa." Hicho nacho ni kizuri, ila kinataka uangalifu mmoja. Huko wanakotembea wageni ndiko ziliko konde za mwani za akina mama, na saa ya maji kupwa ni saa yao ya kazi. Mwenye nyumba akikitumia kichwa hicho bila ya kuwaeleza wageni wake njia ya kupita na adabu ya kuomba kabla ya kupiga picha, atakuwa ameiondoa kero kwa wateja na kuipeleka kwa wenyeji.

Sasa tuna vichwa viwili, na kila mtu ofisini ana anachokipenda. Hapa rai haina kazi, vipimwe. Tangazo liwe moja, picha ile ile, bei ile ile, siku zile zile, na tofauti iwe kichwa tu, nusu ya watu waone hiki na nusu waone kile. Mtego wa jambo hili ni pupa. Tuseme kila kichwa kimeonekana mara 1,000, cha kwanza kikabofywa mara 20 na cha pili mara 26. Mwenye nyumba atashangilia kwamba cha pili kimeshinda kwa karibu theluthi. Hakijashinda chochote. Hesabu ndogo kama hiyo huyumba yenyewe, na ukirudia wiki ijayo huenda ikageuka. Ingekuwa 20 kwa 60 tungekubali. Na hata hapo tusihesabu waliobofya tu, tuhesabu waliolipia chumba, kwa sababu ile ile tuliyoiona katika habari ya Florida.

Njia ya kujua kwamba tangazo limefaa kweli ni kurudi kule kule tulikoanzia. Baada ya msimu mmoja, yachukuliwe maoni mapya ya nyumba ile, yahesabiwe upya. Ikiwa wageni bado wanaitaja bahari kuondoka kwa mshangao kama zamani, basi jedwali la saa za maji halikuwafikia. Huenda limebandikwa nyuma ya mlango wa karani. Ikiwa wanaitaja, lakini kwa kusema kwamba walikuwa wameambiwa, kazi imefanyika. Na maneno mapya watakayoyatumia kulisema hilo yatakuwa bora kuliko yetu, nayo yanakiliwe katika safu ya nne.

Kuna mambo mawili ya hadhari. La kwanza ni maoni ya uwongo, ambayo yako mengi, ya kujisifu na ya kumharibia jirani. Dalili zake hujulikana kwa kusoma mengi: hayataji chumba, wala chakula, wala siku, husifu kwa maneno ya tangazo, na huja mengi kwa mkupuo katika siku chache. Hayo yatupwe nje ya hesabu. Nchini Marekani, tangu Oktoba 2024, ipo kanuni ya serikali inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya namna hiyo, na yeyote anayedhani kwamba kutunga maoni ni njia ya mkato ya kupata vichwa vya matangazo ajue pia kwamba amejinyima mali yenyewe, kwani atakuwa anachimba maneno yake mwenyewe.

La pili ni haki ya aliyesema. Kuchukua maneno matano ya kawaida yanayosemwa na wageni wengi, bila ya jina, si kumvunjia mtu heshima. Lakini ukitaka kuyaweka maneno ya mtu pamoja na jina lake, au picha yake, huna budi umwandikie umwombe ruhusa, na akikataa uache. Wala usiyakate maneno yake yakageuka maana. Mgeni aliyesema kwamba pangekuwa pazuri kama pangekuwa safi, asinukuliwe kwamba amesema "pazuri".

Tumebakisha wale papasi, waliotajwa na wageni 15 katika mfano wetu. Kero yao si ya nyumba moja wala si ya maumbile ya bahari, na kichwa cha tangazo hakiwezi kuwaondoa ufukweni. Katika jedwali la aina hii daima hubaki fungu la namna hiyo: habari za bandari, za barabara, za taka za ufukweni, ambazo kila mwenye nyumba huzisoma peke yake, akatikisa kichwa. Nyumba kumi za kijiji kimoja zikiunganisha mafungu yao, kwa tarehe na kwa maneno ya wageni wenyewe, watakuwa na karatasi ya kumpelekea afisa wa wilaya, naye atasoma humo yale ambayo ripoti zake humweleza kwa maneno ya karani.